Duka la Dawa Mbele ya Kamera: Kuuza Bila Kuahidi Uponyaji

Maduka ya dawa na ya tiba asili yaliyo kati ya stendi kuu ya Moshi na soko la Mbuyuni zamani yalitegemea kibao cha mlangoni na sifa ya mwenye duka. Siku hizi mengi yanategemea simu iliyosimamishwa juu ya kaunta, muuzaji akishika chupa au pakiti na kueleza kwa sekunde 60 kwa nini mteja aje kwake na si kwa jirani. Silioni hilo kuwa baya, kwa kuwa mwenye duka halali ana haki ya kujulikana, na mgonjwa naye ana haki ya kujua ni wapi dawa yake inapatikana saa 3 usiku. Kinachonisumbua ni namna video nyingi za aina hii zinavyochukua maneno ya kaunta na kuyapeleka mahali ambapo hayawezi tena kusahihishwa.

Mbele ya kaunta, muuzaji mzuri huuliza kabla ya kujibu. Dawa ni ya nani, ana umri gani, ana uzito gani, ni mjamzito, anatumia dawa nyingine, tatizo limeanza lini? Hata akisema neno lililozidi, mteja yupo palepale na anaweza kumwambia kwamba yeye ana presha, au kwamba mtoto ana miezi 2 tu, na ushauri ukabadilika. Kwenye video jibu linatangulia na swali halipo. Kwa sababu hiyo naamini kila sentensi ya tangazo la dawa inapaswa kupimwa kwa kumfikiria msikilizaji ambaye maneno hayo yanaweza kumdhuru kuliko wengine wote, kwani naye anatazama na hakuna wa kumzuia.

Tuchukue mfano wa bidhaa ambayo karibu kila duka la tiba asili la Moshi na Arusha linayo, yaani unga wa majani ya mlonge. Maneno ya tangazo lake, kama yanavyosemwa mara nyingi, huwa karibu hivi: «Huu ni unga wa mlonge. Unasaidia kushusha sukari na presha, unaponya vidonda vya tumbo na kusafisha damu. Tumia kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 21. Umepimwa maabara, hauna madhara yoyote kwa sababu ni wa asili.» Muuzaji huyu huenda hana nia mbaya hata kidogo, na huenda anaamini kila neno. Hata hivyo kila sehemu ya maelezo hayo ina tatizo lake, na matatizo hayo hayafanani.

Neno «unasaidia» ndilo ambalo wengi hulitumia wakidhani linawakinga, kwa hoja kwamba hawakusema «unatibu». Msikilizaji hasikilizi kitenzi peke yake. Akisikia kusaidia, kisha akasikia jina la ugonjwa, kisha akaona kwenye picha kile kipimo cha sukari cha kidoleni kikionyesha namba ndogo, ameshaambiwa kwamba unga unatibu kisukari, hata kama hakuna mtu aliyetamka hivyo. Jina la ugonjwa likishakaa karibu na jina la bidhaa, ahadi ya uponyaji imeshatolewa. Ndivyo ilivyo kwa ushuhuda wa mteja anayesema alikuwa hawezi kutembea na sasa anatembea, kwa picha za kabla na baada, na kwa koti jeupe na kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo vinavyovaliwa na mtu ambaye si daktari. Huku kwetu tumezoea kumwita «dokta» kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa, na mitaani hilo halina uzito mkubwa. Mbele ya kamera lina uzito, kwa sababu mtazamaji wa Babati au Same hamjui muuzaji huyo na atayachukua maneno yake kama maneno ya hospitali. Mtoa dawa wa duka la dawa muhimu ajitambulishe hivyo hivyo alivyo, na mfamasia vilevile.

«Siku 21» zina hila zaidi. Mtu akisema unga unaweza kunyunyizwa kwenye mboga au kukorogwa kwenye uji, ameeleza namna ya kula chakula. Akisema kijiko kimoja mara 2 kwa siku kwa siku 21, ametoa dozi, na dozi yenye mwanzo na mwisho humwambia msikilizaji kwamba kuna ugonjwa unaomalizika siku ya mwisho. Ratiba yenyewe ni dai la uponyaji. Naliona hili likipita kwenye video ambazo waandaaji wake walikuwa waangalifu katika mambo mengine yote, wakaondoa kila jina la ugonjwa, kisha wakaacha ratiba ikazungumza badala yao.

Cheti cha maabara nacho kinahitaji maelezo, kwa sababu hupeperushwa mbele ya kamera kana kwamba ni hukumu ya mwisho. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli za dawa za asili, na mwenye duka aliyepeleka bidhaa yake kupimwa anastahili heshima kwa hatua hiyo. Lakini upimaji wa usalama hutafuta mambo kama vijidudu, sumu na metali zisizotakiwa katika sampuli iliyopelekwa. Hautafuti kujua kama sukari ya mgonjwa inashuka, kwa kuwa hilo halijulikani kwa kupima unga. Hujulikana kwa kufuatilia watu wanaoutumia na wasioutumia, chini ya uangalizi, kwa muda wa kutosha. Anayeonyesha karatasi hiyo mara tu baada ya kutaja kisukari ameipa maana ambayo haina. Kama anataka kuionyesha, aseme imepima nini na kwa sampuli ipi, na aache hapo.

Na kuhusu «hauna madhara yoyote», mlonge wenyewe unatoa jibu. Majani yake ni mboga inayoliwa na watu wengi, ila magome ya mizizi yake yana kemikali kali na hayafai kabisa kwa mjamzito. Tangazo linalosema mlonge ni salama, bila kutaja ni sehemu gani ya mti, linawahusu wote wawili, yule anayenunua unga wa majani na yule atakayechimba mzizi nyuma ya nyumba. Hata sifa za lishe huhitaji kipimo. Maneno kwamba mlonge una vitamini C nyingi kuliko chungwa yalitokana na kulinganisha majani mabichi na chungwa kwa uzito ulio sawa. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea majani yakikaushwa, na anayekula kijiko cha chai cha unga anapata gramu chache tu, wakati anayekula chungwa anakula tunda zima.

Sasa tumfikirie msikilizaji. Ni mama wa Pasua mwenye kisukari, anayemeza glibenklamidi kila asubuhi na kuhudhuria kliniki kila baada ya muda. Video imemfikia kupitia kundi la WhatsApp la ukoo. Anaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Anaweza kuacha vidonge kwa siku 21 ili aupe unga nafasi, na hapo sukari itapanda polepole. Ataanza kuwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na uchovu, na kwa kuwa ameambiwa unga unasafisha damu, anaweza kuzihesabu dalili hizo kuwa ni uchafu unaotoka. Au anaweza kutumia vyote viwili huku akipunguza chakula kwa matumaini ya kupona haraka. Glibenklamidi huweza kushusha sukari kupita kiasi kwa mtu asiyekula vya kutosha, hata bila unga wowote. Atatetemeka, atatoka jasho jingi, atachanganyikiwa na anaweza kupoteza fahamu. Muuzaji wa Moshi hatapata habari za tukio lolote kati ya hayo. Atakachokiona ni idadi ya watazamaji.

Mkoa wa Arusha una kumbukumbu yake kuhusu jambo hili. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya magonjwa sugu, kisukari na UKIMWI vikiwemo, na wapo walioacha dawa zao baada ya kunywa. Silitaji jambo hili ili kumhukumu mtu ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Nalitaja kwa sababu lilienea kwa simu za kawaida na kwa mdomo, kabla video fupi hazijaingia katika kila mfuko, na kwa sababu linaonyesha kwamba dhara huanzia pale mgonjwa anapoweka kando tiba aliyokuwa nayo, hata kama kinywaji chenyewe hakina sumu.

Tangazo la unga uleule linaweza kuandikwa upya bila kupoteza mauzo. Ningelipendekeza hivi: «Huu ni unga wa majani ya mlonge, umekaushwa kivulini na kusagwa hapa Moshi. Watu wengi huunyunyiza kwenye mboga au uji kama sehemu ya chakula. Pakiti ina gramu 100, tarehe ya kusagwa na ya mwisho wa matumizi zipo hapa nyuma. Ni chakula, si mbadala wa dawa uliyopewa kliniki. Kama unatumia dawa yoyote au ni mjamzito, tuulize kabla ya kununua. Tupo karibu na soko la Mbuyuni, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku.» Kila kilichomo kinaweza kuthibitishwa kwa kuangalia pakiti au kufika dukani, ilimradi kiwe kweli. Tahadhari imewekwa katikati ya maelezo, kabla ya anwani, na nimeiweka hapo kwa makusudi. Watu hukata video na kuweka kipande kwenye statasi, na kinachokatwa mara nyingi ni mwisho wake. Tahadhari ya sekunde 3 za mwisho, iliyoandikwa kwa herufi ndogo, haiwafikii wale wanaopata kipande. Inapaswa iwe sauti ya muuzaji mwenyewe, karibu kabisa na sifa ya bidhaa, kiasi kwamba anayekata kimoja analazimika kukata na kingine.

Sheria nayo haijanyamaza. Kwa upande wa dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo yenye jukumu la kudhibiti matangazo chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Tangazo la dawa linahitaji kibali kabla ya kutolewa, na dawa za kuandikiwa na daktari hazitangazwi kwa umma. Kwa upande wa tiba asili lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002. TMDA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, kwa hiyo mwenye duka wa Moshi au Arusha anaweza kupeleka maandishi ya video yake huko na kuuliza kabla hajalipia mpiga picha. Ni nafuu kuliko kufuta video iliyokwisha kusambaa. Kwa sababu hiyohiyo, kamera isipitishwe ovyo kwenye rafu za famasi, kwa maana antibiotiki zilizopangwa nyuma ya msemaji, majina yakisomeka, nazo zinatangazwa.

Lakini video iliyoandikwa vizuri namna hiyo bado inaweza kuharibiwa baada ya kuwekwa mtandaoni, na hapa ndipo ninapoona wenye maduka wengi waangalifu wakiteleza. Uharibifu hutokea kwenye komenti. Famasi ya Sakina, tuseme, imeweka video njema kabisa ikieleza kwamba dawa za homa za watoto zipo na kwamba duka liko wazi hadi usiku. Chini yake mama anauliza: «Mwanangu ana mwaka mmoja, anachemka, nimpe parasetamoli kiasi gani?» Kijana anayeshughulikia ukurasa anajibu kwa wema: «Mpe kijiko kimoja mara 4 kwa siku.» Jibu hilo linabaki pale, na kila mama anayefika baadaye analisoma kana kwamba liliandikwa kwa ajili yake.

Hebu tupige hesabu. Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto huhesabiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi zisizidi 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anahitaji basi miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Ipo dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kwa chupa hiyo kijiko cha kupimia cha mililita 5 kinamfaa. Ipo nyingine yenye miligramu 250 katika mililita zilezile 5, na kwa chupa hiyo kijiko kilekile kinampa miligramu 25 kwa kila kilo. Akipewa mara 4 amepata miligramu 1,000 kwa siku, wakati kiwango chake cha juu ni 600. Na yapo matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja, ambapo kijiko cha mililita 5 kina miligramu 500. Jina kwenye chupa zote 3 ni moja. Zaidi ya hayo, kijiko cha jikoni si kipimo, kwa kuwa kimoja hubeba mililita 3 na kingine 7. Na kama mama huyo ameshampa mtoto dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake bila kujua, hesabu inazidi tena. Dozi iliyozidi kwa siku kadhaa hudhuru ini, na dalili za mwanzo, yaani kichefuchefu, kutapika na kukosa hamu ya kula, zinafanana na ugonjwa uleule uliomfanya ampe dawa.

Kijana wa ukurasa hakuwa na habari hata moja kati ya hizo. Hakujua uzito, hakuiona chupa, hakujua kama mtoto amepimwa malaria. Kwa hiyo jibu sahihi ni lile lisilo na namba, ila lisilomwacha mama mikono mitupu: «Pole, mama. Kipimo kinategemea uzito wa mtoto na nguvu iliyoandikwa kwenye chupa uliyonayo, hivyo hatukitoi hapa. Tupigie sasa ukiwa na chupa mkononi, au njoo nayo, mfamasia yupo hadi saa 4 usiku. Kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, usisubiri dawa. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa apelekwe moja kwa moja.» Jibu kama hili liandikwe mapema, lipitiwe na mfamasia, na likae tayari kwenye simu ya anayesimamia ukurasa, kwa sababu swali litakuja na litakuja usiku. Wapo watakaoona kwamba kumnyima mama namba ni ukatili. Mimi naona kinyume chake: namba isiyo na uzito wala chupa ni kubahatisha kwa mwili wa mtoto, na simu ya dakika 2 inatosha kuipata namba ya kweli.

Komenti za sifa zinahitaji uangalifu uleule. Mteja akiandika kwamba alipona kabisa vidonda vya tumbo kwa unga wenu, hilo ni neno lake. Mkilibandika juu ya komenti zote, limekuwa neno lenu. Mnaweza kumshukuru, mkamwambia wazi kwamba bidhaa haijathibitishwa kutibu ugonjwa na aendelee na kliniki yake. Video za laivu ni ngumu zaidi kwa sababu hakuna muda wa kufikiri, na sioni namna ya duka kuendesha maswali ya dozi kwa laivu kwa usalama. Zitumike kuonyesha bidhaa, bei na saa za kazi, na swali la mgonjwa lipelekwe kwenye simu.

Mwenye duka atauliza kama kilichobaki kinatosha kuvuta mteja. Nadhani kinatosha, na kwa famasi kinazidi. Fikiria video inayoonyesha jokofu la duka, kipimajoto chake kikisomeka kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, daftari ambalo msimamizi huandika joto asubuhi na jioni, na kile kinachofanyika umeme unapokatika. Hakuna jina la dawa lililotajwa wala ahadi iliyotolewa, lakini kila familia yenye mgonjwa anayetumia insulini imeelewa ni duka gani linaitunza ipasavyo. Au video ya mfamasia akionyesha chupa 2 zisizo na lebo za kibiashara, akieleza ni wapi pa kusoma nguvu ya dawa na kwa nini bomba la kupimia linatolewa bure kwa kila mzazi. Ni somo na ni tangazo kwa wakati mmoja, na tofauti na hadithi za uponyaji, jirani hawezi kulinakili kama hana jokofu wala mfamasia.

Zinabaki video za zamani. Duka likibadilisha msambazaji, chupa yenye miligramu 120 inaweza kufuatwa na yenye 250, wakati video ya mwaka juzi bado inazunguka na kijiko chake. Anayesimamia ukurasa apange siku ya kuzipitia zote, komenti za chini zikiwemo, afute kila yenye jina la ugonjwa karibu na bidhaa au namba ya dozi, kisha aweke tarehe inayoonekana ndani ya picha ya kila video mpya, ili anayeipokea baada ya mwaka mmoja ajue ilirekodiwa lini.